Makao ya watoto au makazi ya wazee? Jinsi ya kuchagua pa kupeleka msaada hapa Dar

Kila mwaka grupu letu la wasap linaanza lile swali, safari hii tunaenda kwa watoto au kwa wazee? na kila mwaka kura inapigwa kwa huruma, yani aliyekuja na stori ya kuliza zaidi ndo anashinda. Mimi ni katibu wa kikundi, tupo 22, wengi wa Tabata na Segerea, nimeshapanga safari nne za watoto na tatu za wazee na sasa naona tulikuwa tunauliza swali lisilo lenyewe. Nani anahitaji zaidi? Wote wanahitaji, hapo hamtapata jibu. Ulizaneni nyie wenyewe mkoje: mnaenda wangapi, mna masaa mangapi, mtarudi au ndo mara moja mmemaliza, na mnaweza kutoka pale bila picha ya sura ya mtu hata moja? Ukijibu hayo manne kwa ukweli, pa kwenda panajionesha penyewe.

Nianze na msimamo wangu halafu nieleze. Kama mko kumi na kitu, mna asubuhi moja ya Jumamosi na mnachotaka ni kukaa na watu mpige stori, nendeni kwa wazee. Kama mko wawili watatu, mna hela ya kitu maalum, na mko tayari sura zile zile kurudi tena na tena, hapo watoto. Na kama mko wengi lakini roho zenu zote ziko kwa watoto, basi pelekeni vitu, watu wabaki nyumbani. Najua hilo la mwisho linauma, kwenye kikundi chetu lilitaka kutugawa, lakini nilielezwa na mama mlezi wa makao fulani nikalielewa na sijawahi kulisahau.

Alisema hivi: "Mwanangu, nyie mkija watu thelathini mkawabeba watoto, mkawapakata, mkacheza nao masaa matatu halafu mkaondoka, nyie mnalala vizuri. Mimi ndo nabaki na wa miaka minne anayelia getini anauliza yule anti anarudi lini." Watoto wengi wa makao wameshaachwa na mtu mmoja mkubwa maishani mwao, mzazi au ndugu, na kila mgeni anayekuja na mapenzi ya siku moja anamrudisha pale pale. Baada ya mda mtoto anajifunza kumkimbilia na kumkumbatia mtu yeyote anayeingia getini. Sisi wageni tunaona ni upendo, tunafurahi, kumbe walezi wanaiona kama dalili mbaya, manake mtoto aliyetulia na mlezi wake huwa anamuonea haya mgeni kwanza. Kwa wazee hili lipo ila halifanani. Mzee akikuuliza mtarudi lini ukamjibu kweli, "Bibi, sijui kama nitarudi, ila leo nipo na wewe mpaka saa sita", anaelewa, anakaa na wewe mpaka hiyo saa sita. Mtoto wa miaka minne hana namna ya kulipokea hilo jibu.

Mlango wa kuingilia

Huku na huku unaomba ruhusa, ila haiombwi sawa. Kwenye lugha ya ofisi watoto wanakaa kwenye "makao", wazee kwenye "makazi", na ukiandika barua ujue unamwandikia nani. Sehemu za serikali, kwa Dar mfano wake ni Makao ya Taifa ya Watoto Kurasini na Makazi ya Wazee Nunge kule Kigamboni, zipo chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kule barua inaenda kwa mfawidhi, mnataja kikundi, idadi ya watu, tarehe mnayopendekeza na mnachotarajia kuleta, mnaacha namba ya simu, mnasubiri. Msipande gari kabla ya jibu.

Makao binafsi ya watoto yana jambo moja la nyongeza ambalo wengi wetu tunaona aibu kuliuliza, nalo ni leseni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao yawe na leseni, kwa hiyo kuuliza sio kumkosea mtu adabu. Mimi napita kwanza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa manispaa husika (kama makao yapo Ubungo usiende Temeke, kila manispaa na ofisi yake) namuuliza mawili tu: hawa wanatambulika? na kwa sasa wanapungukiwa nini? Mara moja tuliambiwa tusubiri kwanza, sikuuliza zaidi, tukabadilisha sehemu.

Simu ya kwanza yenyewe inakwambia mengi. Sehemu inayojiendesha vizuri inakuwekea mipaka hapo hapo: msizidi kumi, msije saa fulani, picha hapana, vitu vinapokelewa na stoo na mnasainishwa. Ukipiga ukaambiwa "njooni tu muda wowote, watoto watawaimbia, pigeni picha mpaka mchoke, na hela tuma kwenye namba yangu hii", mimi hapo narudi nyuma. Hela iende akaunti yenye jina la makao na risiti itoke. Na mtu anayewajua watoto au wazee wake hashindwi kukutajia vitu vitatu vilivyoisha wiki hii. Anayekujibu "chochote tu" muulize tena kwa upole, mara nyingi ni adabu tu, anaogopa kuonekana anachagua. Akirudia tena kwamba chochote, jua hamjaelewana bado.

Mimi naandika ujumbe wa namna hii baada ya salamu kwa simu, mnaweza kuuchukua:

"Shikamoo mama. Ni mimi katibu wa kikundi cha Tabata tulioongea jana. Tunaomba utuambie idadi kwa umri na jinsia bila majina, vitu vitatu mnavyohitaji zaidi kwa sasa, vitu ambavyo mnavyo vya kutosha tusilete, siku na saa isiyowasumbua, na wangapi tuje. Kama mngependa tulete vitu tu bila wageni, tuambie mama, hatutajisikia vibaya."

Hiyo sentensi ya mwisho ndo inayofungua mlango. Bila hiyo wanaogopa kuwakatalia watu kwa kuhofia vitu navyo havitakuja.

Picha

Hapa ndo tofauti kubwa kuliko zote na ndo penye ugomvi kwenye magrupu, manake kuna mtu kachanga elfu hamsini na anataka apate cha kuposti.

Kwa watoto jibu ni hapana, sura isionekane, hata mlezi akisema sawa. Sababu sio aibu ya umaskini peke yake. Wapo watoto waliopelekwa pale kwa kutolewa mikononi mwa mtu aliyekuwa anawaumiza, wengine kesi bado iko mahakamani, na picha yako ya selfi yenye bango la makao nyuma inamwonesha yule mtu mtoto yuko wapi. Wewe unaona watoto thelathini wanacheka, huwezi kujua kati yao ni yupi mwenye kesi na hutakiwi kujua. Piga picha mifuko ya unga, piga makabidhiano na mlezi aliyekubali mwenyewe, imetosha. Na ile ya kuweka emoji usoni naomba muiache, sare ya shule, kovu, hata mtoto anavyosimama, anayemjua anamjua.

Kwa wazee ni tofauti kwa sababu mzee ni mtu mzima, ruhusa ni yake yeye sio ya mfawidhi. Unakaa chini, unamsalimia, unamwambia picha inaenda wapi. "Babu, hii nitaiweka wasap, watu wengi wataiona" sio sawa na "tupige picha babu?". Wapo wanaopenda, wanaomba na kofia. Wapo wanaokataa kwa sababu ndugu zao hawajui wako pale, au wanajua na mzee hataki iwe habari ya mtaa mzima. Na kuna wazee ambao kumbukumbu imeondoka, anakubali kila unachomuuliza, huyo usimpige, kukubali kwake sio ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi toka Mei 2023 na picha ya mtu nayo ni taarifa yake, kwa hiyo mjumbe mbishi mwambie hili sio katibu anajifanya mkali.

Kikundi chenu kama hakiwezi kabisa kuishi bila picha za watu, ni heri mkajua mapema, watoto muwaondoe kwenye orodha.

Vitu vya kubeba

Kwa watoto tatizo la wageni ni kuleta kile kile. Mchele, sukari, biskuti, juisi, na mitumba. Makao niliyoyafahamu mimi yalikuwa na magunia ya mchele mpaka juu kila Januari, halafu pedi hakuna, viatu vyeusi vya shule hakuna, mtungi wa gesi umeisha, luku inasoma yuniti nne. Ukitaka kuwasaidia kweli omba namba ya mita ununue umeme, hauna utepe wa kukata ila taa zinawaka. Nguo za ndani ziwe mpya siku zote. Mitumba ifuliwe, ipigwe pasi, ichambuliwe kwa saizi kabla ya kutoka nyumbani, kitu usichoweza kumvalisha mwanao usikitie kwenye furushi. Na hesabu ya vitu vya mtoto mmoja mmoja lazima iwe kamili: wakiwa 34 vinakuja 34 vya aina moja, mwaka mmoja tulipeleka mabegi 30 mazuri tukasema manne yatafuata, jioni ile walezi walipata kazi ambayo hatukuiona. Toka hapo tunakabidhi stoo, walezi wanagawa wenyewe siku wanayoijua, sisi hatugawi kwa mikono. Mtoto anatakiwa apewe begi na mtu anayemlea.

Chakula kilichopikwa mbali pia tumeacha. Pilau limepikwa saa kumi na moja alfajiri Tabata, likafunikwa kwenye hotipoti, likaliwa saa saba mchana, kwa joto la Dar hiyo ni kutafuta watu waumwe tumbo. Pelekeni vitu vibichi siku moja kabla, mpishi wao apike, yeye ndo anajua nani hali nini.

Kwa wazee vitu ni vingine kabisa na hapa watu wanakosea kwa nia njema, wanabeba kreti za soda na keki. Wengi wana sukari na presha, meno hakuna, soda inabaki au inanywewa halafu nesi ndo anahangaika nayo. Ulizeni pampasi za watu wazima na saizi zake, hizi ni ghali na zinaisha haraka kuliko kitu chochote. Sabuni, mafuta ya mgando, mipira ya kutandika juu ya godoro, ile mipira midogo ya chini ya magongo (ikiisha gongo linateleza kwenye sakafu na mzee anavunjika nyonga), betri za redio. Betri! Nimeona babu anakaa na redio kimya miezi kwa kukosa betri mbili. Matunda laini, papai, ndizi mbivu, parachichi. Ukiombwa ugoro na bibi usikatae kwa ukali wala usinunue kimya kimya, muulize mfawidhi. Viatu ulizeni kabla, hasa kwa wazee waliowahi kuugua ukoma, manake miguu iliyokufa ganzi haisikii kiatu kinachobana wala msumari, kidonda kinaanza na mwenyewe hajui, kwa hiyo wao wanavaa sandali laini za soli ya kulinda mguu, sio kandambili za kununua jumla Kariakoo.

Na huku na huku, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka Juni 2019, bebeni kwenye viroba au maboksi, msiwaachie wenyeji mzigo wa taka.

Siku na saa

Hili ni fupi. Epukeni Krismasi, wiki ya mwisho ya Ramadhani, tarehe 16 Juni kwa watoto na tarehe 1 Oktoba kwa wazee, siku hizo wageni wanapishana getini, sehemu moja inapokea vikundi vitatu na pilau mara tatu, ikifika Februari hakuna anayepiga hata simu. Februari na Machi ndo miezi yetu sasa. Kwa wazee saa nne asubuhi mpaka saa sita, wameshakunywa uji na dawa, jua halijawa kali, na mchana wanapumzika. Msilete spika wala MC, wengi hawasikii vizuri na kelele inawachosha, kaeni wawili wawili na mzee mmoja. Watoto wa shule wana Jumamosi tu ya kufua na kusoma, kwa hiyo kila Jumamosi mnayowaketisha kwenye viti kusikiliza hotuba mmewanyima.

Tulivyofanya Februari iliyopita

Tulichanga elfu hamsini kila mtu, 22, ikawa 1,100,000. Kura ilikuwa 13 watoto, 9 wazee. Kabla ya kukodi basi nikapiga simu sehemu mbili, makao ya watoto na makazi ya wazee nje kidogo ya mji.

Mama mlezi akasema ana watoto 34, chakula kipo, anahitaji viatu vya shule kwa watoto tisa na pedi, na wageni angeomba wasizidi wawili kwa sababu wiki ile ameingia mtoto mpya ambaye bado analia usiku. Kule kwa wazee mama mfawidhi akasema pampasi, sabuni, na choo cha upande wa wanaume hakina vyuma vya kushikia, wawili wameshateleza, na wageni njooni hata kumi, wazee wanapenda sana mtu wa kukaa naye.

Nikayaweka yote mawili grupuni kama yalivyo. Mabishano yalikwenda siku mbili, kaka mmoja akasema katibu umeshaamua, nikamwambia hapana kaka, wenyeji ndo wameamua, sisi tunachagua kama tunawasikiliza au la. Mwisho tukakubaliana watu kumi waende kwa wazee na gari tatu za wanachama, watu wawili wapeleke vitu kwa watoto.

Kwa wazee pampasi paketi 12 zilikuwa 216,000, vyuma vya chooni na fundi 190,000, sabuni na mafuta ya mgando 134,000, mipira ya magongo na betri 35,000, matunda 45,000, jumla 620,000. Fundi tulimtanguliza Alhamisi ili Jumamosi pasiwe na kugonga gonga. Kwa watoto viatu jozi tisa kwa 28,000 ni 252,000, saizi tulitumiwa na mlezi aliyepima nyayo kwenye karatasi, na pedi 60,000, jumla 312,000. Mafuta ya gari 60,000. Basi la kukodi lingekula karibia 180,000 na tusingepata vyuma.

Ile siku kwa wazee hatukufanya hotuba. Tulisalimia, tukasaini kitabu cha wageni, tukakabidhi stoo, nakala ya makabidhiano tukapewa. Dada mmoja aliyepiga kura ya watoto kwa nguvu zote alikaa na bibi mmoja masaa mawili anamsuka, bibi anamsimulia Magomeni ya zamani. Babu mmoja alinivuta chooni nikaone chuma kipya, akakishika, akakaa, akasimama, akakaa tena, ananiangalia.

Kwa watoto wale wawili walikaa robo saa, hawakuingia mabwenini, wakasaini, wakaondoka. Mtoto waliyemwona ni mmoja tu, alikuwa anafagia, akawasalimia shikamoo akaendelea kufagia.

Zikabaki 108,000. Tuliziweka za kurudia, na mwezi Mei nikampigia mama mlezi kumuuliza viatu vinaendeleaje. Akasema wawili vimeshawabana, saizi sasa ni 37 na 39, na kwa kuwa yule mtoto mpya ametulia, safari hii tuje watatu kama tunataka, ila wawili wawe wale wale wa mwanzo.